Bibi aliyeachishwa chai baada ya kuvunjika mkono: kafeini ilichukua nini, na chai ilikuwa inaleta nini

Mwanamke wa miaka 69, mkazi wa Tanga mjini, aliteleza uani saa tisa usiku akielekea chooni. Alijikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Alifungwa hogo kwa wiki sita, mfupa ukaunga vizuri, akaruhusiwa. Miezi minne baadaye anarudi kliniki akiwa na swali moja tu. Mkwe wake amemwambia, "Mama, chai ndiyo inayokula mifupa yako, iache," naye ameiacha kabisa. Anataka kujua kama sasa yuko salama.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazokutana mara nyingi kwa wanawake wa umri huu, ili hesabu iweze kufanywa hatua kwa hatua. Vipimo vya chakula na matokeo ya tafiti vilivyotajwa humu ni vya kweli.

Kabla ya kumjibu ni lazima kujua alikuwa anakunywa nini hasa, maana neno "chai" kwa Kiswahili hubeba vinywaji viwili tofauti kabisa kwa mifupa. Bibi huyu alikuwa akinywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja mililita 250. Viwili vilikuwa chai ya maziwa, asubuhi na alasiri, nusu maziwa nusu maji. Vitatu vilikuwa chai ya rangi, mkandaa kama wengine wa pwani waitavyo: saa nne asubuhi, baada ya Magharibi, na cha mwisho saa tatu usiku kabla ya kulala. Alipoambiwa aache chai aliacha vyote vitano. Mahali pake aliweka maji ya moto yenye tangawizi.

Maziwa matupu hayawezi. Yanamjaza gesi na kumuumiza tumbo, jambo la kawaida sana kwa watu wazima wa kwetu, kwa kuwa utumbo hupunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa kadiri mtu anavyokua. Kwenye chai alikuwa anayavumilia kwa sababu ni kidogo, yameenezwa kwenye siku nzima, na yanaingia pamoja na kitafunwa. Kwa hiyo kuacha chai, kwake, kulikuwa ni kuacha maziwa. Hilo mkwe hakuliona, na katika kadi yake ya matibabu halikuandikwa popote.

Kafeini kiasi gani, na inachukua nini

Kukisia kafeini kwa idadi ya vikombe kunapotosha. Njia bora ni kuhesabu vijiko vinavyoingia kwenye sufuria. Majani ya chai yana kafeini ya takriban asilimia 3 ya uzito wake. Kijiko kidogo cha majani kina uzito wa gramu 2 hivi, kwa hiyo kina miligramu 60 za kafeini, na majani yetu ya chenga ndogo, yakichemshwa, huiachia karibu yote. Bibi huyu anaweka vijiko vitatu kwa sufuria ya vikombe vinne. Hizo ni miligramu 180 kwa sufuria, yaani 45 kwa kikombe. Vikombe vitano vinampa miligramu 225 kwa siku.

Kahawa huhesabiwa vivyo hivyo. Gramu 10 za unga wa arabika, ile inayolimwa Kilimanjaro, zina miligramu 120 hivi. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, ina karibu mara mbili ya hapo. Kijiko kidogo cha kahawa ya kuyeyuka hutoa miligramu 60 hivi. Mtu anayesema "nakunywa vikombe viwili tu" anaweza kuwa juu au chini ya bibi huyu kutegemea alichotia ndani, ndiyo maana swali la vijiko huulizwa kwanza.

Kafeini ikifika kwenye figo huzuia ishara mojawapo inayosaidia figo kurudisha chumvi mwilini. Chumvi hutoka na mkojo kwa wingi zaidi, na kalsiamu huifuata. Hali hii huonekana kwa saa chache baada ya kunywa, kisha figo hupunguza utoaji na kufidia sehemu ya kilichopotea. Mtu akipima mkojo wa saa tatu za kwanza peke yake ataona hasara inayotisha, na akipima wa saa ishirini na nne ataona hasara ndogo zaidi. Ukisikia kwamba kikombe kimoja "kinaosha kalsiamu yote", uliza mkojo ulipimwa kwa muda gani.

Kipimo kinachofaa ni cha mizania: kalsiamu yote iliyoingia kwa chakula, ukitoa yote iliyotoka kwa mkojo na choo. Kazi ya namna hii ilifanywa kwa miaka mingi na Robert Heaney na wenzake katika Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, kwa kuwafuatilia watawa wa Kikatoliki. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995 yanasema kwamba kila kikombe cha kahawa cha mililita 180 hivi kiliipunguza mizania ya kalsiamu kwa miligramu 4.6. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutoka kwenye mkojo bali kwenye utumbo, ambako kalsiamu ilinyonywa kidogo pungufu.

Kikombe cha namna hiyo kina karibu miligramu 100 za kafeini. Basi miligramu 225 za bibi wetu zinamgharimu kalsiamu ya miligramu 10 kwa siku, au kidogo juu ya hapo.

Sasa tuweke upande wa pili. Maziwa ya ng'ombe yana kalsiamu ya miligramu 120 katika kila mililita 100. Nusu kikombe cha mililita 250 ni mililita 125, yaani miligramu 150. Vikombe viwili vya chai ya maziwa vilikuwa vinamletea miligramu 300 kwa siku. Mwili wa mwanamke wa umri wake haunyonyi zote. Hunyonya karibu robo, yaani miligramu 75. Kwa kuacha chai ameokoa miligramu 10 zilizokuwa zikipotea, na amepoteza 75 zilizokuwa zikiingia. Amejitoa mfukoni shilingi sabini na tano ili asilipe shilingi kumi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini wataalamu husema kijiko kimoja au viwili vikubwa vya maziwa katika kikombe hufuta kazi ya kafeini. Kijiko kikubwa ni mililita 15. Viwili ni mililita 30, zenye miligramu 36 za kalsiamu, na robo yake ni 9. Hasara ya kikombe ilikuwa chini ya 5. Chai ya maziwa ya nyumbani kwetu, ambayo maziwa ni nusu, imelipa deni hilo mara nyingi.

Wengine huuliza kama majani ya chai hayaifungi kalsiamu ya maziwa isinyonywe. Rangi kali ya chai hufunga madini ya chuma, na ndiyo sababu mwenye upungufu wa damu huambiwa asinywe chai pamoja na chakula. Kwa kalsiamu ya maziwa athari hiyo ni ndogo mno kuweza kubadili hesabu ya hapo juu.

Kuna mwizi mkubwa zaidi ya kafeini ambaye hakuna aliyemtaja nyumbani kwa bibi. Kila gramu 6 za chumvi ya mezani, kama kijiko kidogo kilichojaa usawa, hutoa kalsiamu ya miligramu 40 hivi kwa mkojo. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi, achari, na mchemraba wa supu kwenye mchuzi vinaweza kumfikisha hapo kabla ya jioni.

Mahali ambapo kahawa kweli inadhuru

Isieleweke kwamba miligramu 10 ni bure. Mifupa ya mwanamke mzima ina kalsiamu ya kati ya gramu 800 na 1,000. Miligramu 10 kwa siku ni gramu 3.65 kwa mwaka, karibu asilimia 0.4 ya mfupa wote. Mtu akila kalsiamu ya kutosha, mwili huziba pengo hilo kwa kunyonya zaidi kidogo, na hakuna kinachoonekana. Asipokuwa na cha kunyonya, pengo linabaki, na kwa miaka ishirini asilimia 0.4 zinajumlika.

Hicho ndicho tafiti nzuri zilichokikuta. Mwaka 1994, huko Boston, wanawake 205 waliokwisha koma hedhi walipimwa mifupa zaidi ya mara moja. Waliopoteza mfupa zaidi walikuwa wale waliotimiza mambo mawili kwa pamoja: kafeini ya miligramu 450 au zaidi kwa siku, na kalsiamu chini ya miligramu 800. Waliokunywa kafeini nyingi lakini wakapata kalsiamu ya 800 au zaidi hawakupoteza kuliko wengine. Mwaka huohuo, huko Rancho Bernardo, California, wanawake 980 waliulizwa juu ya kahawa waliyokunywa maishani mwao. Vikombe viwili kwa siku kwa miaka mingi viliendana na mfupa mwepesi zaidi wa nyonga na uti wa mgongo, ila kwa wale ambao tangu ujana walikuwa wakinywa walau glasi moja ya maziwa kila siku uhusiano huo haukuonekana.

Mfupa mwepesi na mfupa uliovunjika si kitu kimoja, na hapo ndipo majibizano mengi hupotea njia. Utafiti wa Framingham, Massachusetts, mwaka 1990, ulikuta hatari ya kuvunjika nyonga iko juu kwa karibu nusu kwa waliokunywa zaidi ya vikombe viwili vya kahawa, au zaidi ya vinne vya chai, kwa siku. Huo ndio unaotajwa mpaka leo kila mtu anapotaka kumtisha mama yake. Lakini nchini Sweden, ambako kahawa hunywewa kuliko karibu popote, wanawake 61,433 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliokunywa vikombe vinne au zaidi walikuwa na mifupa myepesi zaidi kwa asilimia 2 hadi 4, na hata hivyo hawakuvunjika zaidi ya wenzao. Uchambuzi wa mapema kutoka hukohuko, wa mwaka 2006, ulikuwa umeona ongezeko la kiasi kwa waliozidi miligramu 330 za kafeini kwa siku, na lilionekana hasa kwa waliokula kalsiamu kidogo. Chai haikuhusishwa.

Chai yenyewe inaelekea upande mwingine. Huko Perth, Australia, wanawake 1,188 wenye wastani wa umri wa miaka 80 walifuatiliwa kwa miaka kumi, na waliokunywa vikombe vitatu au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walivunjika pungufu kwa asilimia 30 kuliko wale ambao chai kwao ilikuwa ya mara moja kwa wiki au isiyokuwepo kabisa. Hatumwambii bibi kwamba chai ni dawa ya mifupa. Bibi wa miaka 80 mwenye nguvu za kujichemshia chai mara tatu pengine ana nguvu pia za kutembea bila kuanguka, na utafiti wa kuangalia tu hauwezi kuyatenganisha hayo yote. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba hakuna msingi wa kumwachisha mwanamke mzee chai kwa ajili ya mifupa yake.

Kwa hiyo tukipewa mgonjwa mwingine, mwembamba, anayekunywa vikombe vitano vikubwa vya kahawa kavu ya robusta, asiyegusa maziwa wala dagaa, hapo tutaizungumzia kahawa. Tutamwambia ashuke chini ya miligramu 300, au atie maziwa, au vyote viwili. Bibi wetu hakuwa huyo.

Pana jambo moja la chai ambalo halihusu kafeini na linafaa kuulizwa kwa wagonjwa wa Arusha, Manyara, Singida, Nakuru au Naivasha. Mti wa chai hujikusanyia floridi kwenye majani, na maji ya Bonde la Ufa katika sehemu nyingi tayari yana floridi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Chai kali nyingi juu ya maji hayo, kwa miaka mingi, huweza kuufanya mfupa uwe mzito kwenye picha huku umekuwa mkavu na unaovunjika upesi. Dalili ni meno yenye madoa ya kahawia tangu utoto na uti wa mgongo unaokakamaa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kipimo cha uzito wa mfupa kinachosomeka vizuri kisimtulize mtu. Maji ya bibi huyu ni ya bomba la Tanga mjini na meno yake hayana madoa, basi tuliendelea.

Kilichomvunja mkono

Kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008 na kinachotumiwa duniani kote kukadiria hatari ya kuvunjika mifupa kwa miaka kumi ijayo, kinauliza umri, jinsia, uzito, urefu, kuvunjika kwa awali, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, dawa za steroidi, baridi yabisi, magonjwa mengine yanayodhoofisha mfupa, na pombe. Hakuna mahali kinapouliza chai wala kahawa.

Tukayauliza maswali hayo. Uzito wake ni kilo 47 kwa urefu wa sentimita 158, ambayo ni BMI ya 18.8, yaani yuko ukingoni mwa wembamba. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 42, kwa hiyo mifupa yake imekaa bila ulinzi wa estrojeni miaka minane au kumi zaidi ya wanawake wengi. Ana pumu, na anapobanwa hununua prednisoloni dukani, vidonge viwili vya miligramu 5 kwa siku. Tulipohesabu tarehe pamoja naye, akikumbuka kwa mvua za vuli na mfungo, ikaonekana mwaka uliopita alikuwa amemeza kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Kiasi hicho, miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi mitatu, kinatosha kuhesabiwa kuwa hatari kwa mfupa. Na juu ya yote hayo, mwanamke wa umri huu aliyevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana dalili ya mfupa dhaifu hata kabla ya kupimwa.

Kosa lilikuwa limefanyika mapema. Alipofungwa hogo alipimwa kalsiamu ya damu, ikawa ya kawaida, akaambiwa mifupa yake haina shida. Kipimo hicho hakijibu swali hilo. Mwili haukubali kalsiamu ya damu ishuke, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea. Ikitaka kupungua, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni inayoitoa kalsiamu mifupani na kuirudisha kwenye damu. Mtu anaweza kuwa na damu nzuri na mifupa inayonyonywa kila siku. Kipimo kinachofaa ni cha uzito wa mfupa, DXA, cha nyonga na uti wa mgongo, pale kinapopatikana. Mashine hizo ni chache, na kwa mwanamke mwenye mvunjiko wa aina hii pamoja na historia ya steroidi, matibabu hayangoji mashine.

Kuna pia sababu ya kuanguka kwenyewe. Alianguka saa tisa usiku, njiani kwenda choo cha nje, taa ya uani ikiwa imeungua. Alikuwa ameamka kwenda haja ndogo kwa mara ya pili. Kikombe cha chai ya rangi alikinywa saa tatu usiku, na kidonge chake cha presha, hidroklorothiazidi, ambacho ni cha kuongeza mkojo, alikuwa akikimeza saa tatu hiyohiyo kwa sababu ndipo anapokumbuka. Ikiwa chai ina mkono wowote katika mvunjiko huu, umepitia kwenye kibofu na giza la uani kuliko kupitia kwenye kalsiamu. Kwa bahati nzuri njia hiyo hufungwa bila kuacha hata kikombe kimoja: kidonge kihamie asubuhi, kikombe cha usiku kisogee nyuma, taa ibadilishwe, na jiwe la kukanyagia lenye ukoga lisuguliwe.

Alichoandikiwa

Chai ya maziwa irudi siku hiyohiyo, vikombe viwili, na maziwa yaongezwe yawe theluthi mbili ya kikombe. Hapo kila kikombe kina maziwa ya mililita 165 na kalsiamu ya miligramu 200, jumla 400. Mchana anywe mtindi, mililita 200, miligramu nyingine 240. Mtindi haumsumbui tumbo, kwa kuwa vijidudu vya kugandisha vimekwisha kula sehemu ya ile sukari inayomletea gesi. Dagaa wakavu gramu 15, kiganja kidogo, mara nyingi iwezekanavyo, huongeza miligramu 200 au zaidi, kwa sharti kwamba waliwe wazima na mifupa na vichwa vyao. Wakichambuliwa kama wanavyopenda wajukuu, kalsiamu inabaki kwenye takataka. Waoshwe chumvi na mchanga kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupikwa.

Chakula chake kingine, ugali wa sembe, wali, maharage na mboga, kilikuwa kinampa miligramu 250 hivi. Alikuwa akiitegemea sana mchicha, akiamini ni mboga ya mifupa. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye jedwali la vyakula, lakini una asidi ya oksaliki inayoikamata, na kinachonyonywa ni kidogo sana. Aendelee kuula kwa faida zake nyingine. Kwa kalsiamu, sukuma wiki humlipa zaidi, kwa kuwa karibu haina oksaliki. Uji wa asubuhi ukitoka kwenye sembe kwenda kwenye ulezi nao husaidia: gramu 100 za unga wa ulezi zina miligramu zaidi ya 300, na kuuchachusha usiku kucha hupunguza vile vinavyozuia kalsiamu isinyonywe.

Jumla sasa inafika karibu miligramu 1,100 kwa siku za dagaa, ambayo ni ndani ya kile kinachopendekezwa kwa mwanamke wa umri huu, kati ya 1,000 na 1,200. Kidonge cha kalsiamu hakuhitaji, isipokuwa siku ambazo maziwa hayapatikani, na hapo ni miligramu 500 pamoja na chakula. Kwa kuwa hutoka nje akiwa amejifunika vizuri na hushinda ndani, aliandikiwa vitamini D ya yuniti 800 kila siku.

Pumu ilipelekwa kwa daktari wa kifua ili apatiwe dawa ya kuvuta ya kila siku, kusudi prednisoloni ya dukani ikome. Naona hatua hii itaokoa mfupa kuliko chochote kitakachofanywa na kikombe chake.

Akaanzishiwa alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki, baada ya figo kupimwa na kuonekana ziko sawa. Hapa ndipo chai ilihitaji kuzungumzwa kwa ukali, kwa mara ya kwanza katika kisa hiki. Alendroneti hunyonywa kwa taabu hata mtu akifanya kila kitu sawasawa: chini ya asilimia moja ya kidonge huingia mwilini. Ikimezwa na kahawa, kiasi hicho kidogo hupungua kwa asilimia 60 hivi, na maziwa huifunga kabisa kwa kalsiamu yake. Mgonjwa anayemeza kidonge chake kwa chai ya maziwa ya alfajiri anaweza kutibiwa miaka mitano bila kutibiwa. Muuguzi alimwelekeza mbele ya mkwe wake. "Bibi, Ijumaa ukishaswali alfajiri, kabla hujatia kitu chochote mdomoni, meza kidonge kwa glasi nzima ya maji matupu. Usilale tena, kaa wima au tembea. Nusu saa ikishapita ndipo uteke chai yako." Kukaa wima kunalinda umio, kwa sababu kidonge kikikwama hapo huchoma na kuleta kidonda. Ijumaa ilichaguliwa kwa kuwa ni siku asiyoisahau.

Mkwe alipewa kazi mbili. Kupima urefu wa mama ukutani kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na kuandika. Ukipungua kwa sentimita 2 katika muda mfupi, au maumivu ya mgongo yakaja ghafla bila sababu, arudishwe haraka, kwani pingili ya uti inaweza kuwa imebonyea. Na kuhesabu vijiko vya majani kwenye sufuria kabla ya kumnyima mama yake kikombe.

Kikombe cha usiku kilijadiliwa mwisho, kwa kuwa ndicho alichokuwa akikipenda kuliko vyote. Kimehamia baada ya swala ya Magharibi na kuungana na kile kilichokuwepo, na saa tatu anakunywa mafunda machache ya maji ya tangawizi yasiyo na majani. Wiki ya tatu aliripoti kwamba anaamka mara moja tu usiku, na taa mpya ya uani inawaka.